Herufi ya Katikati

Fundi hakuwa na mzaha na majina. Kila kitambaa kilichoingia kwenye kibanda chake cha kushona kilibandikwa kwa pini kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe, na mteja aliulizwa, "Kwa R au kwa L?" Mtaa ule ndimi za watu hazielewani na herufi hizo mbili. Uchaguzi ukikaribia utawasikia watu wazima, akili zao timamu, wakihimizana kwenda kupiga kula. Fundi aliwacheka miaka nenda miaka rudi. Safari hii zamu ilikuwa yake, na hakucheka.

Binti yake, ambaye ni mwalimu, ndiye aliyeliona kosa. Daftari la wapiga kura lilibandikwa ukutani shuleni kwake kwa siku saba ili watu wakague taarifa zao. Jioni alirudi na swali mdomoni.

"Mama, hebu nione kadi yako."

Fundi akaitoa kwenye droo ya cherehani, akavaa miwani. Siku ya kuandikishwa hakuwa na miwani. Karani alimgeuzia mashine ahakiki, na yeye akaitikia kwa kichwa tu ili foleni isogee. Picha ilikuwa yake, tarehe yake, mtaa wake. Katikati ya jina, mahali pa R, palikaa L.

"Herufi moja tu," binti alisema. "Unamwandikia barua ofisa mwandikishaji, unaambatanisha nakala ya cheti cha kuzaliwa, unarudisha kadi hii wanakupa nyingine. Ila wahi. Siku saba zikiisha ndiyo basi, na siku ya kura jina lisipofanana na kitambulisho chako wanaweza kukurudisha nyumbani."

Fundi aliitikia, akaifunika kadi kwa kiganja. Jina lile lenye L lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amezikwa miaka hamsini na mitano iliyopita.

Walizaliwa pacha, wasichana, sura moja. Baba yao alikuwa mtu wa vichekesho, akawapa majina yanayopishana herufi moja, kisha akakaa miaka mitatu akifurahia jinsi majirani walivyojikwaa. Mama yao hakufurahi. Alimfunga wa R uzi mwekundu mkononi ili amjue, maana watoto wenyewe ukiita lolote waliitika wote wawili. Kisha ikaja homa. Wakalazwa kitanda kimoja, na muuguzi akitafuta mshipa wa kuweka dripu akaukata ule uzi, akautupa. Asubuhi alibaki mmoja. Baba alitoka wodini akasema aliyekwenda ni wa L. Hakuna aliyemuuliza amejuaje.

Tangu hapo Fundi alikuwa wa R, shuleni, kwenye ndoa, kwenye cheti cha mwanawe. Lakini mama yake, akiwa na homa au akiwaza mbali, alikuwa akimwita kwa L. Hakusahihisha kamwe, na hakueleza. Alikufa hivyo hivyo, ameushika mkono wa Fundi pale pale uzi ulipokuwa, akiita lile jina jingine. Fundi alimzika mama yake, na swali la yeye ni nani hasa hakulizika. Lilikuwa likimjia akiwa peke yake na nyuzi, na lilimtisha sana.

Siku ya tano ya zile saba alikwenda kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kibandani. Bibi yule masikio yamechoka lakini kumbukumbu haijambo.

"Shangazi, siku ile baba alijuaje?"

Shangazi aliendelea kuchambua mchele.

"Baba yako alikuwa analia. Mtu analia, amesema jina, utamhoji? Tuliandika alichosema."

"Kwa hiyo hamkujua."

"Wewe umekula, umesoma, umezaa, leo una mvi. Unataka nikwambie nini mwanangu? Mama yako ndiye aliyekuwa anajua, na mama yako hakusema."

Alirudi akafungua kopo la bati ambamo mama yake alihifadhi makaratasi. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa viwili, cha R na cha L. Siku moja, hospitali moja, baba yule yule, mama yule yule. Angechukua kimoja kadi ingekuwa na kosa. Angechukua cha pili, kadi ingekuwa sahihi tangu mwanzo, na miaka yote hamsini na mitano tangu siku ile ndiyo ingekuwa kosa.

Aliketi kwenye meza ya kukatia, akaandika kwa mwandiko wake wa kubandika kwenye vitambaa. Namba ya kadi. Kituo alichoandikishwa. "YAH: KUSAHIHISHA JINA KWENYE KADI YA MPIGA KURA. Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu. Jina lililoandikwa si langu. Jina langu sahihi ni." Hapo kalamu ilikwama. Chai ilipoa, mteja wa sketi akaja akafukuzwa kwa adabu, na sentensi ile ilikuwa bado haijaisha.

Binti alimkuta hivyo, akasoma kwa juu ya bega.

"Mama, hata jina lako mwenyewe unalifikiria?"

"Ningekuwa mwingine, ungeniitaje?"

"Ningekuita mama," binti alisema, akaenda jikoni.

Basi Fundi akaandika jina lenye R. Lakini kabla ya kutia sahihi aliongeza mstari mmoja ambao hakuombwa: "Hilo lililokosewa ni jina la pacha wangu marehemu, naomba liondolewe kwa heshima."

Siku ya sita alikuwa wa nne kwenye benchi la ofisi ya uandikishaji. Ofisa alikuwa kijana mnene mwenye tai fupi, mchangamfu, aliyesalimia kila mtu shikamoo hata waliomzidi miaka miwili. Alisoma barua, akalinganisha cheti na kitambulisho. Mstari wa mwisho aliuwekea kidole.

"Pole mama. Ila huu haukuwa wa lazima."

"Najua."

Alimwekesha kidole gumba kwenye kifaa. Taarifa zake zikafunguka. Ofisa akafuta herufi moja, akapiga nyingine, akamgeuzia mashine. Mara hii Fundi alivaa miwani, akasoma jina lote, herufi kwa herufi.

"Na yule wa L anakwenda wapi?"

"Haendi popote, mama. Alama za vidole ni zile zile, picha ile ile, namba ile ile. Huyo hakuwahi kuwepo, ni kosa la uandishi tu."

"Alikuwepo," Fundi alisema.

Ofisa alikata kona ya kadi ya zamani kwa mkasi na kuitia kwenye bahasha pamoja na barua. Fundi, ambaye ameshika mkasi maisha yake yote, aligeuza uso. Aliambiwa asubiri nje wakati kadi mpya inachapwa, kisha ataitwa aje asaini.

Alikaa benchini, mikono mapajani. Limekwisha, alijiambia. Sasa imeandikwa, imepigwa mhuri, mimi ni mimi. Alijisikia mwepesi, akaanza hata kufikiria ile sketi.

Mlango ukafunguka. Ofisa alitoa kichwa, kadi mpya mkononi, akaliita jina kwa sauti kubwa huku analisoma. Lakini ulimi wake ulikuwa wa mtaa ule ule kama wa kila mtu, na pale kwenye R ikatoka L, safi kabisa, kama mama yake alivyokuwa akiita.

"Abee," Fundi aliitika, na alikuwa ameshasimama.