Barua Iliyoomba Kutuuliza Maswali

Nilikuwa katibu wa chama chetu cha wauza nyama pale soko la Burma, Nairobi, na barua hiyo ilinikuta mikono yangu yote miwili imo ndani ya karai la matumbo. Msichana aliyeileta alikuwa mwembamba, mkoba mgongoni, viatu vyake vimeng'arishwa kama vya siku ya kwanza kazini.

"Habari ya asubuhi, Mama. Natafuta ofisi ya katibu."

"Umeifikia," nikamwambia.

Akalitazama karai, akanitazama mimi, kisha akangoja ninawe.

Barua ilianza kwa "Mheshimiwa Katibu." Miaka yote niliyouza matumbo hakuna aliyewahi kuniita hivyo, hata kwa mzaha. Niliisoma mara tatu. Alikuwa mwanafunzi wa biashara, mwaka wa tatu, anakaa mtaa wa Kware. Aliomba ruhusa ya kuwahoji wanachama wetu thelathini kuhusu mbinu za kuwafanya wateja warudi, kwa ajili ya mradi wa darasani. Aliambatanisha maswali yenyewe, na barua ya idara yake iliyomtambulisha. Mchana kutwa nilijikuta nikiimba.

Jumatano, saa tisa alasiri wateja wanapopungua, kamati ilikutana nyuma ya bucha ya mwenyekiti. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee wa Kakamega, mpana kama mlango, na watu hufuata nyama yake ya mbuzi kutoka mitaa ya mbali kama Donholm. Aliishika barua kwa ncha za vidole.

"Hii ni ya kanjo, hao askari wa jiji," akasema. "Wametuma mtoto."

Nikamwita msichana, aliyekuwa akingoja nje.

"Majibu yetu yatasomwa na nani?" mzee akamuuliza.

"Mimi na mwalimu wangu, mzee. Siandiki jina la mtu wala nambari ya bucha."

"Na mtu akikataa?"

"Namwacha. Hata akianza, anaweza kuishia katikati."

Mzee akakunja mikono. "Basi yajaribu kwangu hayo maswali, tusikie."

Msichana akatoa kalamu. "Mteja akilalamika kwamba nyama ni ngumu, unafanya nini?"

"Namuuliza aliipika kwa sufuria ya nani."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Kuanzia hapo mzee hakushikika. Swali moja alilijibu akiwa amesimama, jingine akatuigizia mteja anayejifanya haoni mizani. Alipofika kwenye swali la idadi ya mizoga tunayonunua kwa wiki, akagonga meza.

"Hili toa. Watadhani ni la kodi. Hili ndilo litawafunga watu midomo."

Msichana akalikata kwa mstari na kusema atamwonyesha mwalimu mabadiliko hayo. Nadhani hapo ndipo mzee alipompenda. Tukakubali: aje asubuhi kabla ya watu wa chakula cha mchana, asipige picha, asimlazimishe mtu, na akimaliza atuletee matokeo. Niliandika jibu usiku huo huo, nikalipiga mhuri mara mbili, kwa furaha tu.

Kumbe kazi ngumu ilikuwa kuwachagua hao thelathini, maana soko zima lilitaka kuhojiwa. Msichana akasema hatuwezi kuchagua marafiki. Lazima iwe kura. Tukaandika nambari za wanachama kutoka kwenye daftari langu, tukazikunja, tukazitia kwenye sufuria ya supu, iliyooshwa. Kila nambari iliyotoka, mwenyewe alirukaruka kama aliyeshinda pikipiki. Yangu ilitoka ya kumi na moja, nami nikamkumbatia muuza figo ambaye hatukuwa tukisemezana naye.

Nambari ya thelathini ikatoka. Mwenyekiti akauliza, polepole, "Yangu iko wapi?"

"Sikuitia, mzee," msichana akasema. "Maswali niliyajaribu kwako. Aliyejaribiwa haingii tena kwenye utafiti wenyewe."

"Kwa hivyo nilijibu bure?"

"Hapana. Wewe umenirekebishia maswali ya watu wote."

Alilitafakari hilo, na uso wake ukafunguka. Asubuhi mbili nzima alimtembeza msichana bucha hadi bucha, akiwajibia watu, mpaka akaombwa kwa heshima arudi kwenye mbuzi wake.

Baada ya wiki kadhaa msichana alirudi na kurasa nne. Nilizisoma kwa sauti mbele ya mkutano wa wanachama wote, nimevaa miwani na gauni la kanisani. Nilipofika mahali palipoandikwa, "Mhojiwa mmoja alisema kwamba mteja harudi kwa sababu ya nyama, hurudi kwa sababu ulimuuliza hali ya mama yake," watu sita wakasimama kwa pamoja.

"Huyo ni mimi," wakasema wote.

Tukamgeukia msichana. Akatabasamu, akafunga mkoba wake, na akakataa katakata kusema ni nani.