Barua ya Dera la Buluu

Aliyenirudishia dera hakubisha hodi, kwa sababu ua ulikuwa wake. Ndiye aliyenikubalia kutia nguo rangi nyuma ya nyumba yake hapa Isiolo, baada ya majirani zangu kuchoshwa na harufu ya haidro, ile dawa tunayochanganya na soda kali ili rangi ishike kwenye pamba. Hata maji yalitoka kwenye kisima chake. Nilikuwa nimezunguka mtaa mzima, na hakuna mwingine aliyekubali madawa yale karibu na watoto na mbuzi wake.

"Salaam aleikum, mama rangi."

"Aleikum salaam, Hajia."

Mimi ni Mkristo, lakini katika ua ule sote tulisalimiana hivyo.

Alilitandaza dera juu ya kamba. Buluu nzito niliyomkabidhi ilikuwa imepauka kama jivu, na mabegani ilikuwa na mabaka.

"Nilivaa harusi ya binti yangu kule Kinna," alisema. "Jasho ikanitoka, rangi ikaingia kwa shash yangu nyeupe ya kichwa. Nikalowesha na sabuni usiku mzima, nikaanika kwa jua, ikazidi. Sasa dada zangu wa Garbatulla, wale niliwaambia wakuletee madera yao, wanasema nimewadanganya. Andika barua. Sema ni nini ilifanyika, na hii nguo itakuwa aje. Nitawasomea."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari mapajani, nikashindwa kuanza. Nilijua kilichotokea. Kitambaa kipya huja na wanga wa kiwandani, na lazima kichemshwe kwa sabuni mpaka wanga utoke. Nisipofanya hivyo, rangi hushika wanga badala ya uzi, na wanga ukiondoka huondoka nayo. Wiki ile nilikuwa nimekichemsha mara moja tu, harakaharaka, kwa kuwa harusi ilikuwa karibu. Hilo lilikuwa kosa langu. Lakini maji ya kisima chake yana chumvi, sabuni haitoi povu, kwa hiyo hata kusuuza mara ya mwisho hakukuondoa rangi iliyobaki juu. Na yeye mwenyewe alikuwa amelilowesha dera usiku kucha kwa sabuni ya unga, akalianika juani.

Nikimlaumu kwa kufua, nimemtukana mwenye ua. Nikiyalaumu maji, nimekitukana kisima chake. Nikijilaumu peke yangu, nani wa Garbatulla ataniletea tena nguo? Nilitazama geti. Lilikuwa wazi, na sikuwa na pa kwenda.

Mwishowe niliandika yote:

"Hajia, kitambaa sikukichemsha vya kutosha. Kosa hilo ni langu. Maji yetu yana chumvi na sabuni haikufanya kazi vizuri, kwa hiyo rangi iliyobaki juu ndiyo iliyochafua shash. Kulowesha kwa muda mrefu na jua kali pia vimeipunguza. Ukilifua peke yake, kwa maji baridi na sabuni ya mche, litatoa rangi mara mbili tatu zaidi, kila mara kidogo, kisha litatulia. Lianike kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Buluu ya kwanza haitarudi yenyewe. Naweza kulichemsha upya na kulitia rangi nzito zaidi, ila mabaka ya mabegani huenda yakaonekana kidogo."

Aliisoma amesimama, midomo ikichezacheza. Pale pa sabuni na jua alitikisa kichwa kukubali. Kisha kidole chake kikarudi nyuma, kikasimama.

"Hii ya maji utoe."

"Lakini ni kweli, Hajia."

"Najua ni kweli. Mimi ndiyo nakunywa chai ya hayo maji. Lakini dada zangu wakisikia ni maji yangu, hawatasema ni wewe uliharibu. Watasema ni mimi."

Nilirarua ukurasa, nikaandika tena bila maji. Bila sentensi ile, kosa lilionekana kubwa, na karibu lote lilikuwa langu. Nilitia sahihi. Aliikunja barua akaiweka kwenye mkoba wake, akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba nisiache kufunga geti nikitoka.

Dada zake walielewa. Walisema angalau huyu mtu anakubali makosa, na baada ya wiki mbili madera sita yalifika kutoka Garbatulla. Sikuthubutu kuyachemsha kwa maji ya kisima. Nilimlipa mwenye mkokoteni wa punda aniletee maji ya mto, mitungi kwa mitungi, na povu likapanda kwenye sufuria kama maziwa.

Hajia alitoka na wageni wake wakati mwenye mkokoteni akimimina.

"Kwani kisima kimekauka?" mgeni mmoja aliuliza.

Hajia alinitazama, akingoja.

"Hapana," nilisema. "Nimezoea tu ya mto."