Riba Iliyobaki Kwenye Akaunti ya Ernestine

Ernestine alipoingia ofisi ya kodi mjini Mpanda, alikuja na karanga za kukaanga, chupa ya maji na barua ya uamuzi. Hakuwa na haraka. Mwenye haraka alikuwa Nyanda, mkulima wa Mishamo, aliyekuwa anampigia simu kila baada ya muda kuuliza kama alete mpunga mashineni kwake ukakobolewe. Leseni ya mashine ilikuwa imekwisha, na bila cheti cha kutodaiwa kodi haihuishwi. Msimu ndio huo umeanza.

Chanzo cha kukosa cheti hicho wakulima wote walikijua. Ernestine huwakobolea mpunga, huwauzia mchele wao, na pesa zao hupitia akaunti yake ya benki. Wakaguzi walizihesabu zote kuwa mapato yake. Akapinga, akaweka kwanza theluthi ya kodi kama sheria inavyomtaka anayepinga, akaleta daftari la wenye magunia. Pingamizi likakubaliwa, kodi yote ikafutwa. Ikafutwa kwenye barua! Mtandaoni deni lilikuwa palepale, na kila mwezi lilizidi kunenepa kwa riba.

Edgar, afisa wa madeni, alisoma barua, akakuna kichwa.

"Mama yangu, hii haijaingizwa kwenye mfumo. Saini mkataba wa kulipa kwa awamu, cheti upate leo. Mengine tutarekebisha baadaye."

"Nikisaini nimekubali nadaiwa."

"Ni utaratibu tu."

"Basi saini wewe, mwanangu."

Edgar alicheka bila kupenda, akaanza kubonyeza. Bosi wake akaidhinisha marekebisho. Kodi ikaondoka. Mtu mwingine angeaga hapo, lakini huyu mama humwamini mtu akishamaliza kupima gunia, si kabla. Akafungua akaunti yake ya kodi kwenye simu palepale kitini.

"Mbona riba ipo?"

"Itajifuta yenyewe."

"Sawa. Naisubiri." Akafungua karanga.

Zilipofika nusu, Edgar alishindwa kuvumilia, akatazama tena. Marekebisho yalikuwa yameingia kwa tarehe ya leo, kwa hiyo mfumo ulijua kwamba hadi jana Ernestine alikuwa mdaiwa. Ilibidi yarudishwe nyuma hadi siku kodi ile ilipowekwa, ili riba ikose pa kusimama. Bosi akaitwa mara ya pili, amenuna kidogo. Ernestine akamkaribisha karanga.

Safari hii riba ilifutika, na cheti kikatoka. Moyo wa Ernestine ukatulia kabisa, na hakuficha. Akampigia Nyanda: "Leta mpunga, baba. Leseni naifuata sasa hivi."

Edgar akamgeuzia skrini. "Ile theluthi uliyoweka imebaki, mama. Sasa wewe ndiye unayetudai. Tunaweza kuikata kwenye kodi yako ijayo."

Ernestine alikung'uta maganda kwenye kanga, akasimama.

"Haya. Na riba yangu mnaanza kuihesabu lini?"