Mgeni wa Uongo Kutoka Ujerumani

Kuna watu wanaomba huku wamekalia kiti chako. Yule mzee mwenye gesti alikuwa wa namna hiyo. Aliingia kwenye duka langu la intaneti, pale karibu na stendi ya Moshi, akamtazama mteja mmoja mpaka akaondoka, akaketi mahali pake, kisha akatupa funguo za gari juu ya meza ili nizione. Gari lenyewe lilikuwa pikapu ambayo mji mzima ulijua haiwaki bila kusukumwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Hebu funga huo mlango, tuna mazungumzo."

Sikuufunga. Nilimwambia kuna joto, akakunja uso kama nimemnyima maji ya kunywa.

Miaka ile intaneti ndiyo kwanza ilikuwa imekolea mjini kwetu. Wazungu walishuka mlimani, na kabla hata vumbi halijatoka kwenye buti walikuwa kwangu wakiwaandikia ndugu zao. Wengi waliacha pia maoni kwenye tovuti moja ya wasafiri: gesti hii safi, ile haina maji, huku chakula kitamu. Wenzao waliokuwa bado Ulaya waliyasoma hayo ndipo wakaamua walale wapi. Wenye gesti wa Moshi walichelewa kulijua jambo hilo. Walipolijua, baadhi yao waliosha mashuka, na baadhi, kama mzee wangu huyu, walitafuta mtu wa kuwaandikia uongo.

"Nataka maoni matano, sita hivi," alisema. "Ya wageni mbalimbali. Mmoja Mwingereza, mmoja Mjerumani, unajua mwenyewe. Waseme wamelala kule wakaumwa na kunguni, wakaibiwa, na chakula kikawaendesha."

"Kule wapi, mzee?"

"Uru. Kwa yule mwanamke."

Yule mwanamke! Alikuwa shemeji yake, mjane wa mdogo wake. Kwa desturi yetu Wachagga kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba, na kitinda mimba wa ukoo ule alikuwa amefariki, akazikwa mgombani karibu na baba yake. Mkewe akabaki kwenye kihamba, lile shamba la ukoo la kahawa na ndizi, pamoja na mama mkwe. Miaka mingi alishuka mjini kumpikia shemeji yake kwenye gesti, kwa ujira wa kutia aibu. Mwishowe akachoka. Akapaka chokaa vyumba viwili vya nyumba ile ya Uru, akaanza kupokea wageni wake mwenyewe. Na wageni wakapanda, maana kumbe walichokuwa wakikisifia mjini ni mkono wake, si ile gesti. Nilimfahamu vizuri kwa sababu migomba ya kwetu imepakana na ya kwao.

"Msimu mmoja tu akose wageni," mzee alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kabisa, "atarudi jikoni kwangu. Atakwenda wapi?"

Nilimtazama yule mtu mzima na mvi zake na kalamu mbili mfukoni. Nilimdharau hapo hapo, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha. Lakini mkubwa ni mkubwa, na mama yangu hakunilea nitukane wazee. Nikavuta kigoda.

"Mzee wangu, umeniamini na jambo lako, nashukuru. Ila hili sitalifanya. Hao watu sita hawapo. Mtu atakata tiketi ya ndege akiamini uongo wangu, na yule dada atakosa riziki kwa kosa ambalo hakulifanya. Tena wenye tovuti si wajinga. Maoni sita ya kumponda mtu mmoja yakitoka kwenye kompyuta za duka moja, watashtuka."

"Kwa hiyo hunisaidii."

"Nakusaidia, tena sana. Ngoja nikuonyeshe."

Nikamfungulia ukurasa wa gesti yake. Hakuwahi kuusoma, aisee. Alikuwa na hasira na maoni ya jirani wakati yake mwenyewe hayajui. Nikamtafsiria taratibu: chandarua kina matundu, maji ya moto yaliyoahidiwa hayakutoka, nimeandika barua pepe mara kadhaa sijajibiwa. Nikamwambia anunue vyandarua, atengeneze lile tangi la maji ya moto, halafu chini ya kila lalamiko nimwandikie jibu kwa jina lake, la kuomba radhi na kueleza alichorekebisha, kwa sababu tovuti inamruhusu mwenye gesti kujibu na wasomaji wanapenda kuona anajali. Nikajitolea kumsomea barua pepe kila asubuhi bila malipo mpaka azoee, na kumpigia picha za vyumba jinsi vilivyo. Mgeni anayeondoka aombwe kwa adabu aandike alichokiona, kizuri au kibaya, bila kuhongwa soda.

"Na shemeji yako mshirikiane," nikaongeza. "Mtu aliyetoka mlimani anataka kulala mjini karibu na basi. Alale kwako, kesho yake apande Uru akanywe kahawa na kula machalari, ndizi zetu za nyama, kwake. Na yeye akuletee wanaosafiri alfajiri. Mtapata wote."

Akacheka. "Nimpelekee wateja? Mimi? Binti, umesoma bure." Akakusanya funguo zake. "Kizuri chajiuza, sivyo mnavyosema? Basi kaa na vizuri vyako."

Mh! Mtu ana vyandarua vyenye matundu ya kupita njiwa, anakuachia methali. Akaenda kusukumwa.

Hakwenda mbali. Mjini palikuwa na jamaa mwingine mwenye kompyuta, ambaye kwa malipo angekuandikia hata cheti cha ubatizo cha mbuzi. Haikupita muda mrefu, maoni yakatokea. Yalikuwa ya mtu mmoja tu, eti mtalii kutoka Ujerumani. Bila shaka mzee alikuwa ametajiwa bei ya sita akaona bora moja.

Niliyasoma nikashika kichwa. Alikuwa ameyatunga mwenyewe, hilo lilikuwa wazi kama jua, maana kunguni aliwasahau kabisa. Akipewa nafasi ya kusema lolote duniani, alisema yale yanayomuuma yeye. Mtalii huyu wa Ujerumani alilalamika kwamba amelishwa ndizi za kupika kama mtu wa shambani. Kwamba kahawa wanaikaanga wenyewe kwenye sufuria jeusi, badala ya kuleta ya kopo ya dukani. Kwamba alilala karibu na ng'ombe akamsikia akicheua. Kwamba mwenye nyumba ana mama mkwe, kikongwe anayenuka moshi, asiyejua Kiingereza, anayeficha sukari uvunguni mwa kitanda kwa uchoyo. Hiyo ilikuwa nyumba aliyozaliwa, na mwanamke huyo ndiye aliyemzaa.

Yule dada alishuka kwangu uso umemvimba. Kikundi cha Waholanzi kilikuwa kimeshaahidi kuja, sasa wameandika kuuliza kama ni kweli, na siku hiyohiyo wakaghairi. Alilia mbele ya wateja bila kujificha.

"Siwezi kurudi kule jikoni," alisema. "Bora nikauze pombe ya mbege barabarani. Dada, na wewe niandikie. Andika kwake kuna kunguni. Tena kwake wapo kweli!"

Yesu na Maria, jinsi nilivyotaka kuandika! Mikono iliniwasha. Nikamwambia, "Kunguni wake watasemwa na aliyeumwa. Mimi na wewe hatujalala pale. Tuwaarifu wenye tovuti kwamba mgeni wa namna hii hujawahi kumpokea, na chini yake tuweke jibu lako. Sema ukweli, mimi nitafsiri."

Alifikiri kidogo akifuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, nami nikaandika neno kwa neno: mgeni huyu hayumo katika wageni niliowapokea, lakini ndizi ni kweli tunapika. Kahawa ni ya shambani kwetu na sufuria ni jeusi. Ng'ombe yupo na anacheua. Mama mkwe wangu anapika kwa kuni, kwa hiyo ananukia moshi, na anajua Kichagga na Kiswahili, Kiingereza hakumfikia. Anayetaka hayo karibu, asiyeyataka mjini kuna gesti nyingi.

Wenye tovuti walijibu kwamba wanachunguza, na uongo ukaendelea kukaa pale juu ya jibu letu. Na hapo ndipo nilipoona ujinga wa mzee ulivyokuwa mkubwa kuliko ubaya wake. Barua zikaanza kuingia. Mfaransa mmoja aliuliza kama chumba cha karibu na ng'ombe kimeshachukuliwa. Mama mmoja wa Kanada aliomba afundishwe kukaanga kahawa kwenye lile sufuria jeusi. Yote aliyoyaonea aibu ndiyo waliyoyapandia ndege! Wageni waliokuja kweli wakaandika walichokiona, na msimu ukajaa mpaka yule dada akaomba chumba kwetu.

Ningefurahi yaishie hapo. Lakini mama mkwe alikuwa anashangaa kwa nini kila mgeni anataka kunusa kanga yake, akasema asomewe yaliyoandikwa. Nilikuwa nimepanda kwetu Jumapili, nikaitwa. Nikajaribu kuruka yale yaliyomhusu, akanitazama, nikasoma yote. Alisikiliza akimenya ndizi. Nilipofika kwenye sukari, kisu kikasimama.

"Sukari niliificha uvunguni wanangu wakiwa wadogo, wasiimalize," alisema. "Sasa daktari amenikataza, hata sina. Mzungu gani aliijua?" Akaelekeza kisu kwenye kaburi la mwanawe. "Waliojua ni wawili. Mmoja yuko hapo mgombani."

Krismasi ikafika, siku ambayo Mchagga aliyekwenda popote hurudi nyumbani. Mzee akapanda na pikapu yake, mke, watoto, na kreti za soda. Ua ulikuwa umejaa ukoo, mbuzi ameshachinjwa, na wageni wawili wa Kanada wamekaa na watoto wakichambua mchele. Nami nilikuwepo, maana jirani haalikwi, anakuja tu. Alipita katikati ya watu akisalimia kwa sauti, akaenda kumwinamia mama yake, akamwamkia kwa Kichagga kama mtoto mwema.

Mama hakuitikia. Alimpokea mkono kwa adabu, kama anavyompokea mtu asiyemjua, akamgeukia mkwe wake.

"Mwambie mgeni mimi Kiingereza sijui," alisema. "Na umuulize kwao ni wapi."

Yule dada alisita. Mama akamngoja. Basi akamgeukia shemeji yake, na mbele ya ukoo mzima akamuuliza hivyo, kwa Kiingereza alichojifunza kwa wageni wake, polepole na vizuri. Hakuna aliyecheka. Mzee alizichezea funguo za gari, na mama yake akaendelea kumtazama, akisubiri kutafsiriwa jibu.