Mabega ya Mke wa Mwenye Kinu

Felicja Gawron alivunjwa mbavu mbili kwa sababu ya kicheko ambacho hakikuwa chake.

Ilikuwa Jumapili mchana, mjini Łódź. Alisimama mbele ya kioo cha kabati, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika saa ya kupimia, akicheka. Alivuta pumzi hadi mabega yakapanda, kisha akaiachia kwa vishindo, na kwa kila kishindo mabega yaliruka, kila mruko mdogo kuliko uliotangulia, mpaka hewa ikamwishia na akalazimika kuivuta tena kwa pupa. Akatazama saa, akaanza upya. Studio aliyofanyia kazi ilitengeneza filamu za vikaragosi, wanasesere wanaosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na huko hakuna aliyegusa kikaragosi kabla ya kuucheza mwendo wake kwa mwili wake mwenyewe na kuupima.

Mumewe, Zenon, fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, alikuwa ametoka kunywa na kujikwaa ngazini. Aliingia goti linavuja damu, akamkuta anacheka.

"Unanicheka mimi?"

"Sikucheki, Zenon. Ni kazi. Kesho naanza kupiga ile sehemu ya harusi."

"Kazi! Mtu mzima anacheza na wanasesere, halafu anasema kazi. Cheka tena nikuone."

Hakucheka. Zenon alimsukuma, kioo kikapasuka, na alipokuwa chini akamkanyaga ubavuni kwa kiatu cha kiwandani. Akarudia. Felicja aliusikia ubavu wake ukilia kama kijiti kikavu. Zenon akaketi kitandani, akaanza kulifunga goti lake, akilalamika kwamba katika nyumba hii mtu akiumia hakuna hata wa kumpa kitambaa.

Asubuhi Felicja aliamka kabla yake akaenda studioni. Kwenda hospitali hakukumpitia akilini, na kulikuwa na sababu. Miaka yote alikuwa msaidizi tu, wa kuvalisha vikaragosi na kufuta vumbi la seti. Sehemu hii ya harusi ilikuwa ya kwanza kukabidhiwa yeye peke yake. Ikikubaliwa, angekuwa mchezeshaji kamili wa vikaragosi, na wachezeshaji kamili walipewa chumba katika bweni la wafanyakazi, chumba chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Chumba kimoja kilikuwa wazi, na mwongozaji wa filamu, Bwana Seweryn Bielak, alikuwa amemwambia waziwazi: "Nipe kicheko kizuri, chumba ni chako. Ukiniharibia, kuna wengine."

Kicheko chenyewe kilikuwa cha mke wa mwenye kinu. Ameketi mezani kwenye harusi ya bintiye, mgongo kwa kamera, anacheka kwa muda mrefu, na mwishoni kabisa anageuka tumwone uso. Kichwa cha kikaragosi kilikuwa cha mti. Midomo ilibandikwa na kubanduliwa, na Felicja alikuwa na visanduku vya midomo inayocheka kwa kila kiasi. Ndani ya kifua, Wiesia, mwanamke wa karakana ya vyuma, alikuwa ameweka bamba lililopanda na kushuka kwa skrubu iliyofichwa mgongoni, ili kikaragosi kiweze kupumua.

Lakini vipimo vya Jumapili vilikuwa vimemtoka kichwani pamoja na mengine. Ilimbidi acheke tena. Alijifungia kwenye chumba cha vioo, akashika saa, akajaribu. Pumzi ilipofika nusu, ubavu ulimchoma akaikata. Akaivuta kidogo, akaikata, akaiongeza, akaikata. Mabega yakapanda kwa vidato kama mtu anayepanda ngazi gizani. Alipotaka kuitoa kwa vishindo vya kicheko maumivu yalimpiga, akaiachia yote kwa mkupuo mmoja mrefu unaotetemeka. Alipima alichokifanya. Alijiambia midomo ya kubandika itamalizia kicheko.

Akapiga picha moja baada ya nyingine, akizungusha skrubu, akiinua bega kwa upana wa unyoya, akikiacha kichwa kiyafuate mabega kwa kuchelewa kidogo kama inavyopasa. Kila alipoinama juu ya meza aliuma kola ya koti lake asipige kelele.

Filamu iliporudi kutoka maabara walikaa kwenye chumba cha giza, Seweryn mbele, Wiesia nyuma na sandwichi yake ya soseji. Taa ilizimwa. Mke wa mwenye kinu akaonekana mgongo. Mabega yakapanda, yakakwama, yakapanda, yakakwama, yakapanda, yakasimama, kisha yakaporomoka polepole yakitetemeka. Tena. Na tena. Halafu akageuka, mdomo wazi, meno yote nje, anacheka.

Wiesia aliacha kutafuna.

"Washa taa," Seweryn alisema. Kisha akaruka kutoka kitini. "Hiki ni nini? Nimeomba kicheko! Huyu mama analia kwikwi! Amezika mtu, kisha ananionyesha meno! Umeniletea kichaa kwenye harusi!"

"Midomo inacheka, bosi," Felicja alisema kwa sauti ndogo.

"Nani anatazama midomo? Anayecheka anatoa hewa! Hewa inatoka kwa vishindo, mabega yanaruka! Anayelia ndiye anayeimeza kwa vipande! Hili tunamfundisha mwanafunzi wa siku ya kwanza! Mchezeshaji wetu Radosław ataichukua sehemu hii. Wewe rudi kwenye nguo."

Wiesia alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukaza nati bila spana. Alimjia Felicja, akaweka kiganja ubavuni mwake bila kuomba ruhusa. Felicja akapiga yowe.

"Bosi, kelele zako weka mfukoni kwanza," Wiesia alisema. "Huyu hajui kucheka kwa sababu hapumui. Fela, ni nani? Yule shemeji yetu mpole?"

Felicja alitikisa kichwa kukataa, lakini pumzi ikamsaliti: ikaingia kwa vidato vitatu, ikasimama, ikaporomoka. Ilikuwa ileile waliyoiona kwenye kitambaa cha filamu. Seweryn aliiona, akaketi kama mtu aliyekatwa miguu.

Usiku huo Felicja alilala kwa Wiesia, kifua kimezungushiwa bendeji. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, Zenon akaja.

Hakupiga hodi. Alimsukuma mlinzi ukutani, akaingia kwenye ukumbi wa seti akipiga teke viguzo vya taa. "Yuko wapi? Mke wa mtu halali kwa watu!"

"Shemeji, karibu," Wiesia alisema, akiinuka kutoka kwenye skrubu zake. "Vua kofia, hapa kuna harusi."

Zenon aliitazama meza ya harusi, yenye mikate ya udongo na glasi ndogo kama vifungo. Akamshika mke wa mwenye kinu kichwani, akamng'oa, akampigiza kwenye ukingo wa meza mara mbili. Kichwa kikapasuka, jicho likaruka sakafuni. Seweryn alimrukia, mwembamba na miwani yake, akapokea ngumi moja ya pua, akaenda chini pamoja na kikaragosi cha bwana harusi, wote wawili kifudifudi. Wiesia alimpiga Zenon kwa mbao mgongoni. Mbao ikavunjika. Zenon akageuka, akamkaba koo kwa mikono miwili, akamlaza juu ya meza katikati ya wageni wadogo waliokuwa wakivunjika chini yake mmoja mmoja.

Felicja alisimama karibu na kamera. Aliona mabega ya Wiesia yakiinuka kutafuta hewa isiyopatikana. Yaliinuka, yakainuka, hayakushuka. Halafu hayakuinuka tena.

Akachukua jiriwa ya chuma iliyoshikilia seti, akaifungua, akampiga mumewe nayo kwenye kiwiko. Mfupa ulilia. Zenon aliachia, Wiesia akavuta hewa kwa mkoromo, na Zenon akamtazama mkewe kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeng'atwa na kiti chake. Felicja akampiga tena, begani, na mara ya tatu alipoinua chuma ubavu wake ukamkata pumzi, akaanguka magotini. Mafundi wa taa walikuwa wamefika. Walimlaza Zenon chini na kumkalia mpaka milisia, polisi wa nchi hiyo, ilipokuja kumchukua.

"Nani alianza?" askari aliuliza, akitazama vikaragosi vilivyovunjika.

"Huyo," Wiesia alikoroma, akishika koo. "Anza na huyo. Ukimaliza, njoo nami niseme."

Jioni Seweryn alikaa kwenye seti na pamba puani. Kichwa cha mke wa mwenye kinu hakikuweza kutengenezwa kabla ya siku ya kukabidhi filamu. Alisema sehemu hiyo itakatwa.

"Mwili upo," Felicja alisema. "Skrubu ya kifua inafanya kazi. Nitajaza pamba kwenye kitambaa cha kichwa. Hatageuka."

"Kicheko bila uso?"

"Wewe ndiye uliyeuliza nani anatazama midomo."

Seweryn alifikiri. "Na vipimo? Wewe huwezi kucheka."

"Wiesia atacheka. Nitaweka mikono mgongoni kwake."

"Mimi?" Wiesia alikoroma. "Mimi koo langu ni la bata."

"Sibaba hapo hapo ucheke," Seweryn alisema kwa sauti ya pua iliyozibwa, akimaanisha simama.

Wiesia akamtazama, pamba mbili zikimning'inia puani kama meno ya ndovu, na akashikwa na kicheko. Alijaribu kujizuia, akashindwa. Felicja alibandika viganja mgongoni mwake na kufumba macho. Kifua kilijaa chote, kisha hewa ikatoka kwa mapigo, yenye nguvu kwanza, kisha madogo, kisha madogo zaidi, mabega yakiruka juu ya mapigo hayo, na mwishoni mvuto mmoja wa ghafla, na mapigo tena. "Usiache," alimwambia. "Usiache, dada, nahesabu." Wiesia alicheka huku machozi yakimtoka kwa maumivu ya koo, akitukana kila alipopata nafasi.

Felicja alipiga sehemu ile upya, akikaa kwenye kigoda kwa sababu kuinama hakuweza. Walipoitazama siku chache baadaye, mama asiye na uso alikuwa amekaa kwenye harusi yenye wageni wachache kuliko mwanzo, mgongo kwao, akicheka. Fundi wa taa akaanza kucheka pia. Akafuatia mwingine. Hakuna aliyeuliza kichwa kiko wapi.

"Ufunguo wa chumba uko kwa mhasibu," Seweryn alisema bila kugeuka. "Wahi kabla hajaenda nyumbani."

Zenon alikuwa ameachiwa na milisia asubuhi hiyo. Alisimama ng'ambo ya barabara, mkono kwenye plasta, wakati Felicja na Wiesia walipotoka langoni. Akashuka barabarani.

"Fela! Twende nyumbani!"

Wiesia alitoa nyundo kwenye mfuko wa koti, akaiacha ining'inie mkononi. Zenon akasimama katikati ya reli za tramu. Alitukana, akatema mate, akatukana tena. Tramu ikampigia kengele, akarudi nyuma.

Felicja hakupunguza mwendo. Ufunguo ulikuwa kwenye ngumi yake, na alipumua kidogo kidogo, kadiri ubavu ulivyomruhusu.