Kanuni Ambayo Kaka Hakuniambia

Miaka saba nilishona sare za shule pale Bwera, na akiba yangu ilikaribia kununua mashine mbili za umeme. Kaka yangu mkubwa, mhasibu wa Kasese, akaja akaketi jikoni kwangu na simu yake.

"Hizi ni opsheni, mdogo wangu. Unalipa leo upate haki ya kununua hisa za Marekani kwa bei iliyowekwa, kabla ya tarehe fulani. Zikipanda vya kutosha, unafaidi. Zisipopanda, unapoteza ulicholipa tu. Hasara ina mwisho."

Nikamwuliza niweke kiasi gani.

"Akiba yako ni ndogo. Ukiigawa haitazaa kitu. Weka yote."

Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenilipia shule. Niliweka yote, kwenye mkataba mmoja wa hisa mia.

Hisa zilipanda kweli, na hapo ndipo watu huniona mwongo. Zilipanda polepole, huku haki yangu ikipungua thamani kadiri siku zilivyokwisha. Nilitaka kuiuza nipate hata nusu. Kaka akasema nisubiri. Tarehe ilipofika, hisa zilikuwa bado chini ya ile bei. Sikubaki na kitu. Wiki mbili baadaye zikaipita.

Sikumlaumu. Nilikwenda Kasese kumwona wifi yangu, aliyekuwa amejifungua. Akaniambia pole, huku akimnyonyesha mtoto.

"Mume wangu haweki humo zaidi ya sehemu moja kati ya ishirini ya mali yetu. Pesa ambayo ikipotea, tutakula kama kawaida. Nilidhani na wewe alikupimia hivyo."

Nilimsubiri kaka sebuleni mpaka alipotoka kazini.

"Mbona hiyo kanuni hukuniambia?"

Akavua viatu taratibu. "Ningekwambia, usingeingia."

"Na nilipoingia, wewe ulipata nini?"

"Wanaouza opsheni hizo hukulipa kidogo kwa kila mtu unayemleta."

Alisema "kidogo", nami nikaona aibu kwa ajili yake. Hasara ilikuwa na mwisho, kweli. Mwisho wenyewe ulikuwa kila nilichokuwa nacho, na alilijua hilo akiwa ameketi jikoni kwangu.

Mwaka uliofuata, mama mmoja wa Butembo anayeniuzia vitambaa aliniuliza kama naye aingie. Nikamweleza kanuni ya moja kati ya ishirini, kisha tukatafuta bei ya mkataba mmoja. Ungemeza karibu nusu ya akiba yake. Mikataba ya bei nafuu ilitaka hisa zipande hadi bei ambayo zisingeweza kuifikia kwa urahisi.

"Basi mutu wa pesa kidogo hana nafasi mule," akasema.

"Hana, mama."

Akarudisha pesa zake kwenye kitenge, tukaendelea kupima vitambaa.

Kaka bado hunipigia simu kila Jumapili. Napokea, tunaongea habari za watoto. Shauri la pesa sijamwomba tena.