Lango la Bi Mwanawetu Lanyamazishwa

Hata mwezi haukuwa umeisha tangu Sargento Bwanaheri astaafu jeshi na kurudi kwao Palma, mji wa pwani ya Msumbiji, na tayari mkewe Sumaia alikuwa amemchoka. Bwanaheri alikagua ndoo kama zimesimama mstari mmoja. Alfajiri aliwakemea kuku waliochelewa kutoka bandani. Siku alipoamuru sufuria zisuguliwe mpaka aone ndevu zake ndani, Sumaia alimpigia simu kaka yake Suleimane, mwenye shamba la mihogo kule Olumbi.

"Anakuja kukuchukua," alimwambia mumewe. "Ukipata kazi kabla hajafika, utabaki. Usipopata, utakwenda kufukuza nyani. Wakague hao."

Mtu aliyepigana vita, leo akafukuze nyani kwa shemeji! Iliniuma hata mimi ninayesimulia. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata jirani yao, Bi Mwanawetu, alipolalamika kuwa lango lake halifungi, Bwanaheri alifika na nyundo kabla mama wa watu hajamaliza kusema.

Siku zile za gesi iliyogunduliwa baharini kila mwenye kiwanja alikuwa akijenga vyumba vya kupangisha wageni wa makampuni, na malango yalipigwa misumari harakaharaka. La Bi Mwanawetu lilikuwa limeinama, likiburura mchanga. Bwanaheri aliliona kosa papo hapo: ubao wa mshazari ulipigiliwa kinyume. Aliung'oa, akaupandisha kutoka chini penye bawaba hadi juu penye komeo, ili uzito wa lango uegemee nguzo. Akachonga vijiti vya kujaza matundu ya misumari ya zamani, akakwangua kutu ya chumvi kwenye bawaba, akamalizia kwa oili. Jeshini lango linalopiga kelele ni hatari. Hili likafunguka kimya kabisa, naye akajipigia saluti.

Kesho yake Bi Mwanawetu alimjia mbio na sinia tupu mkononi.

"Shemeji, umeniua! Mbuzi wa jirani Rajabo ameingia, amekula vitumbua vyote vya wageni wangu, nami niko jikoni huko nyuma sina habari!"

"Lakini lango ni zima, Bi Mwanawetu."

"Zima la nini kama halisemi? Lile bovu, mtu akiingia nasikia, mbuzi akiingia nasikia. Nirudishie kelele zangu!"

Bwanaheri alitahayari. Alipangusa oili, akapaka majivu na mchanga. Lango likakoroma kidogo, kisha likanyamaza. Ndipo alipokata kipande cha bati la kopo la mafuta, akakipigilia kwenye nguzo, ncha moja ikiachwa huru, na ukingoni mwa lango akapigilia msumari wa kuikwaruza ncha hiyo kila linapofunguliwa. Nyiii! Akiifupisha ncha, sauti inakuwa nyembamba. Akiirefusha, inakuwa nene. Alikata, akakunja, akasikiliza, mpaka wageni wawili wa kampuni wakatoka na mataulo kuuliza nani anachinjwa.

"Hiyohiyo!" Bi Mwanawetu akapiga vigelegele.

Bwanaheri akiwa bado amepiga magoti pale langoni, wazo likamjia. Mwenye vyumba hana haja na lango. Haja yake ni kujua nani ameingia wakati yeye yuko nyuma anapika. Na mji mzima umejaa vyumba!

Hakukimbilia kununua kitu. Kwanza alipita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amewahi kuingiliwa asisikie. Haula alililia godoro lililobebwa mchana kweupe. Sadique, jirani wa mbele wa Haula, alimwonyesha kuku aliyebaki. Makopo Bwanaheri aliyaokota nyuma ya migahawa, misumari akanyoosha ya zamani. Kilichobaki ni muda, na huo alikuwa nao mpaka unamtesa mkewe. Haula alilipa bila hata kuguna, Bwanaheri akajua bei yake ni ya chini mno. Kwa Sadique akaipandisha. Sadique akanung'unika, akamtaja Mungu, kisha akalipa. Bei ikakaa hapo.

Lakini mazoea ya jeshi hayamtoki mtu upesi. Mabati ya Haula na Sadique aliyakata urefu mmoja, yafanane kama gwaride. Mtu akiingia kwa Haula, Sadique anatoka na rungu. Lango la Sadique nalo likilia, Haula anatoka na mchi. Walishinda wakitoana nje mpaka Bwanaheri akarudi na mkasi. Tangu hapo kila nyumba ya mtaa ilipewa urefu wake wa bati, na sauti yake.

Suleimane alifika Ijumaa na gari la mizigo. Bwanaheri alikuwa ng'ambo ya ua, kwa mteja wake Olinda, misumari mdomoni. Akatega sikio.

"Yuko wapi mtu wangu?" Suleimane aliuliza.

"Rudi peke yako, kaka," Sumaia alijibu. "Mume wangu ana kazi, watu wanamgombania. Nyani wako watafutie mbwa."

Mume wangu! Tangu arudi kutoka jeshini, Sumaia alikuwa akimwita "huyu" tu. Machozi yalimtoka sargento, akamwambia Olinda kuwa ni kutu imemwingia machoni. Olinda, ambaye chungu chake kilikuwa motoni jikoni huko nyuma, akamwambia amalize lango kwanza, ndipo alie.